Tokeni si namba ya kadi iliyofichwa

"Ikiwa simu imegeuza namba ya kadi yangu kuwa namba nyingine, mwizi mwenye kompyuta yenye nguvu hawezi kuirudisha ilivyokuwa?"

Hawezi, kwa sababu hakuna kilichogeuzwa. Mtu anapoweka kadi yake ya benki kwenye simu ili alipie nayo, namba inayokaa humo, ambayo watu wa malipo huiita tokeni, haikokotolewi kutoka kwenye namba ya kadi. Kinachoziunganisha namba hizo mbili ni mstari mmoja tu katika rejista inayotunzwa mahali pengine kabisa.

Kwa miaka kadhaa nami niliamini kwamba tokeni ni namba ya kadi iliyosimbwa, na kosa hilo lafaa kuelezwa kwa utulivu kwa kuwa hubadilisha jinsi mtu anavyouelewa usalama wake. Kusimba ni sawa na kutia kitu ndani ya sanduku na kulifunga kwa kufuli. Anayeliiba sanduku anacho kitu chenyewe mkononi, na kilichobaki kwake ni kuupata ufunguo. Tokeni ni kama kibati chenye namba anachopewa mtu aliyeacha mzigo wake stoo. Ukikichunguza kibati chenye namba 47 mwaka mzima, hakitakuambia kama mzigo ni begi au gunia, kwa kuwa habari hiyo haimo ndani yake. Imo katika daftari la mtunza stoo. Hata kompyuta yenye nguvu kiasi gani haiwezi kutoa ndani ya namba kitu ambacho hakikutiwa humo.

Dhana hiyo potofu inaeleweka, maana tokeni ya mitandao ya kadi, kama Visa na Mastercard, imetengenezwa makusudi ifanane na namba ya kadi. Kwa kawaida ina tarakimu 16, na tarakimu yake ya mwisho hupita jaribio lile lile la hesabu linalozikagua kadi zote, ili mashine za malipo zilizopo ziipokee bila kubadilishwa. Tofauti imo katika tarakimu za mwanzo, ambazo hutoka katika mafungu yaliyotengwa kwa ajili ya tokeni pekee. EMVCo, shirika la mitandao ya kadi linaloweka viwango vya malipo, lilitoa kanuni za utaratibu huu mwaka 2014, na Apple Pay, huduma ya Apple ya kulipa kwa simu, ikaanza kuutumia Oktoba mwaka huo huo.

Tuchukue kadi inayoishia na 1111, ambayo mwenyewe ameiweka kwenye simu na kupewa tokeni inayoishia na 0374. Anapoigusisha simu kwenye mashine ya duka, simu hutoa tokeni hiyo pamoja na alama ya siri iliyokokotolewa kwa ufunguo uliomo ndani ya simu, kwa ajili ya malipo hayo tu. Duka hupeleka vyote viwili kwa benki yake, nayo huvipeleka kwa mtandao wa kadi. Hapo mtandao huona kwamba tarakimu za mwanzo ni za tokeni, hukagua kama alama ya siri ni sahihi na haijapata kutumika, hufungua rejista, huiondoa 0374 na kuiweka 1111, kisha huiuliza benki iliyotoa kadi. Jibu hurudi likiwa na tokeni, kwa hiyo duka halioni namba halisi hata kidogo. Anayeinakili 0374 kutoka kwenye kumbukumbu za duka hawezi kulipa nayo kwa simu nyingine, kwa kuwa ufunguo wa kutengeneza alama mpya hanao.

Hata hivyo, yapo mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, baadhi ya kampuni zinazowatunzia wafanyabiashara kadi za wateja hutengeneza tokeni bila rejista, kwa njia za usimbaji; huko hoja ya kibati hailingani sawasawa, na usalama hurudi kutegemea ufunguo. Pili, tokeni huanza kulinda baada ya kutolewa. Mteja anapoandika namba yake kwenye ukurasa wa duka la mtandaoni uliopandikizwa programu ya wizi, namba halisi huchukuliwa kabla tokeni haijazaliwa. Vilevile mwizi aliyekwisha kuipata namba ya kadi anaweza kujaribu kuiweka kwenye simu yake mwenyewe, na ndiyo maana benki makini humtumia mwenye kadi msimbo wa uthibitisho kwanza.

Utaratibu huu unaonekana kwa macho kwenye risiti. Aliyelipa kwa simu huenda akakuta 0374 badala ya 1111, akadhani ametozwa kwa kadi ya mtu mwingine. Akirudisha bidhaa, muuzaji anayetafuta malipo kwa tarakimu za kadi ya plastiki hatayaona. Inafaa mteja aiguse mashine kwa simu ile ile aliyolipia, au aonyeshe tarakimu za mwisho za tokeni, ambazo huonekana katika maelezo ya kadi ndani ya pochi ya simu.