Barua ya kuomba mchango wa darasa: anza na makadirio ya fundi

Kazi yangu hapa Malindi ni kuandikia mashirika madogo barua za kuomba michango, na nyingi zinahusu madarasa ya vijijini huku nyuma ya mji, upande wa Magarini na Langobaya. Leo nataka kuongelea barua moja tu, manake niliiandika mara mbili, ya kwanza ikaanguka na ya pili ikajenga darasa, na tofauti yao haikuwa kwenye utamu wa maneno hata kidogo, ilikuwa kwenye hesabu.

Shule yenyewe ilikuwa na vyumba vinne na watoto wa darasa la nne wakisomea chini ya mkorosho. Barua ya kwanza niliianza kama nilivyozoea kuona zinaanzwa, salamu ndefu, historia ya shirika, umuhimu wa elimu, halafu mwisho kabisa tukaomba milioni 3.6 za madarasa matatu "ili watoto 112 wapate mahali pa kusomea". Tukaituma kwa wafanyabiashara wa mjini, misikiti, makanisa na wenyeji walioko Ghuba. Zikaja shilingi elfu kumi na kitu, basi. Nikamwendea mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu anayetoa kila mwaka bila kelele, nikamuuliza, "Ami, barua yetu ulipata?" Akanijibu, "Niliipata mwanangu, niliisoma yote, lakini sikuona nnachoambiwa nifanye. Milioni tatu mimi sina. Na nikitoa elfu tano nitajuaje haitaishia kwenye linta kama lile gofu la njiani?"

Lile gofu kila mtu anayekwenda huko analijua. Kuta zimesimama, hakuna paa, nondo zimechomoza juu zimeota kutu kwa hewa hii ya chumvi, miti imeota ndani. Watu walichangia pale, kwa hivo msomaji wako akishika barua ya darasa la kijijini kitu cha kwanza anachokiona kichwani ni gofu, na barua isiyomjibu hilo haijamjibu kitu.

Tukaanza upya, na safari hii sikugusa kalamu mpaka mkadiriaji majengo alipotupa bikyuu, ile karatasi ya vifaa na kazi kipengele kwa kipengele, ya chumba KIMOJA. Ukubwa hatukuubuni, mwongozo wa usalama shuleni wa Wizara ya Elimu wa 2008 unataja darasa la mita 7.5 kwa 6, la watoto wasiozidi 40 kama madawati ni ya kukaa wawili wawili, na mlango unaofunguka nje. Hapo ndo nikaona aibu ya barua ya kwanza, manake watoto 112 kwenye vyumba vitatu vya watoto 40 inaingia, lakini sisi tulikuwa tunajua wazi kwamba pesa zitatosha chumba kimoja kwanza, na chumba kimoja ni watoto 40, sio 112. Ukiandika 112 kwa sababu inavuta huruma umeshaahidi kitu ambacho jengo haliwezi kukibeba, na siku mfadhili akija kutembea atahesabu.

Bikyuu ikasema hivi: msingi na sakafu 310,000, kuta mpaka ringi bimu 345,000, paa la mbao na mabati 290,000, milango na madirisha na plasta na rangi 155,000, madawati ishirini 110,000. Jumla 1,210,000. Tukaongeza akiba ya 60,000 ya bei kupanda, ikawa 1,270,000. Sasa wengi wanachukua hii jumla wanaiweka kwenye barua wanaomba yote, na hapo wanapoteza nusu ya nguvu ya barua. Tulikaa na bodi ya shule na mzee wa kijiji, wakakubali wenyewe kuchimba msingi, kuteka maji, na kuleta mchanga wa mtoni kutoka Sabaki (mchanga wa pwani hautakiwi kabisa, una chumvi, unakula nondo ndani ya zege). Mkadiriaji akaipigia hesabu hiyo kazi na mchanga, 130,000. Wazazi na waliosoma pale zamani walikuwa wameshachanga 210,000 taslimu. Kwa hivo tunachoomba ni 930,000, na barua ikasema hivo hivo, jumla ni hii, kijiji kimetoa hii, kilichobaki ndo hiki. Mtoaji wa mjini akiona kijiji kimeshatoa 340,000 ya jasho na pesa yake anajua hatoi peke yake.

Halafu tukaweka sentensi ambayo bodi walinipinga karibu saa nzima juu yake. Ilisema hivi:

"Hatutachimba msingi mpaka tuwe na 605,000 mkononi, yaani pesa ya kufikisha msingi, kuta na paa bila kusimama. Tukishindwa kufikia hapo kufikia mwisho wa Disemba, kila aliyetoa atapigiwa simu aseme arudishiwe au pesa isubiri."

Hesabu yake ni rahisi, msingi na kuta na paa ni 945,000, toa 130,000 ya kijiji, toa 210,000 iliyopo. Bodi waliogopa kwamba watu watasema tunajitisha wenyewe. Lakini hii ndo sentensi inayojibu gofu. Ukianza na pesa ya msingi peke yake ukitegemea watu wakiona mawe watatoa zaidi, unabahatisha na mvua, na huku kwetu masika inaanza Machi mwishoni inashuka sana Aprili na Mei, ikikuta kuta bila paa inalowesha kila kitu na fundi anaondoka kwenda kazi nyingine. Ndo maana pia barua tuliitoa Septemba, sio Januari. Januari ni karibu mno, pesa zikikamilika Machi umeshachelewa.

Kingine kilichonisumbua ni namna ya kumwambia mtu mdogo mdogo atoe nini. Kuna desturi ya kuandika "850 inanunua mfuko mmoja wa simenti, 6,000 inanunua dawati moja", na inafanya kazi kwa sababu mtu anaona mkono wake kwenye ukuta. Shida ni kwamba ukiandika hivo unamfunga mtu na wewe unafungika. Ilishatutokea kwenye darasa lingine, watu wakapenda madawati, kila mtu dawati, tukajikuta na pesa za madawati hamsini na hatuna paa, na pesa iliyotolewa kwa ajili ya dawati huwezi kuigeuza mabati bila kumuuliza mwenyewe, ni amana ile. Safari hii tuliandika "850 ni sawa na bei ya mfuko mmoja wa simenti uliofikishwa kijijini", na chini yake moja kwa moja, "michango yote inaingia kwenye hesabu moja ya darasa hili, inatumika kwa mpangilio wa ujenzi, na ikizidi inaanza chumba cha pili cha shule hii hii." Maneno mawili matatu tu lakini yanakuokoa na magomvi.

Na kwa huku kwetu kuna swali ambalo barua nyingi zinalikwepa, mtu anauliza hii ni zaka ama sadaka? Masheikh wetu wa pwani, wengi ni Shafii, watakwambia zaka ina watu wake wanane waliotajwa na inatakiwa imilikiwe na mtu, jengo halimilikiwi na fakiri yeyote, kwa hivo kuta za darasa hazijengwi kwa zaka. Sadaka ndiyo, tena darasa ni sadaka ya kuendelea. Barua ikinyamaza mtu mwenye zaka yake anaweza kuitoa kwako kwa nia njema na faradhi ikabaki shingoni mwake, na hilo mimi naliona ni kosa letu sisi tuliomwandikia. Tukaandika wazi "mchango huu ni sadaka, si zaka", na aliyetaka kutoa zaka tukamwekea hesabu nyingine mbali kabisa ya sare na viatu vya watoto wa familia fukara. Nakala zilizokwenda makanisani hatukuweka hii aya, haikuwahusu.

Mwanzo wa barua ndo niliuandika mwisho. Nilikwenda shule nikakaa asubuhi nzima, nikaona kwamba saa nne jua linazunguka na mwalimu anahamisha ubao upande wa pili wa mkorosho, watoto wanabeba mawe wanayokalia wanamfuata. Nikaomba kuangalia rejista. Masika iliyopita darasa hilo lilirudishwa nyumbani siku 17. Barua ikaanza hapo, sentensi tatu tu, mkorosho, ubao, siku 17, halafu papo hapo kiasi tunachoomba. Hakuna mtoto anayelia, hakuna nguo zilizochanika. Picha ilikuwa ya ubao ulioegemea mti, watoto wameonekana mgongoni, na hata hivo wazazi waliulizwa, manake Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi ukishughulika na taarifa za mtoto, na mbali na sheria hao ni watoto wa watu, kesho watakua na wataiona.

Ardhi tuliitaja kwa mstari mmoja, kwamba kiwanja ni cha shule na nakala ya hati iko ofisini kwa anayetaka kuiona. Huku pwani watu wanaishi miaka mingi kwenye ardhi isiyo na hati, na mtoaji mzoefu hatoi pesa ya jengo kabla hajajua udongo ni wa nani, kwa hivo kama hati hakuna, malizana na hilo kwanza, barua isubiri.

Pesa zilipitia peibili yenye jina la shirika lile lile lililoko juu ya barua. Ukituma kwa M-Pesa simu inakuonyesha jina kabla hujathibitisha, na likitokea jina la mweka hazina badala ya shirika watu wanabonyeza kughairi, nawaelewa. Waliosaini ni mwalimu mkuu, mwenyekiti wa bodi na sisi.

605,000 tuliifikia Novemba na msingi ukachimbwa Januari. Halafu Februari mbao zikapanda, na hapo tulikuwa tumepokea 690,000. Tukatuma ujumbe huu kwa wasapu kwa kila aliyetoa, hata aliyetoa mia mbili:

"Paa limetoka 338,000 badala ya 290,000 tuliyowaandikia. 48,000 iliyozidi tumeitoa kwenye akiba ya 60,000 iliyokuwa kwenye barua, imebaki 12,000. Mabati yameshafika shuleni, fundi anapaua Jumatatu. Plasta, milango, madirisha na madawati bado hayajapata pesa ya kutosha."

Mwenyekiti alitaka tuifiche ile 48,000 mpaka mwisho. Tuliituma. Wiki hiyo ndo pesa ya plasta ilipoanza kuingia, na wengi waliotuma ni wale wale waliokuwa wameshatoa, yule ami wa duka akaleta bawaba na vitasa vya mlango mwenyewe kwa gari lake.