Hali mbaya si "toa asilimia 10"

Kazi yangu ni kuwaandalia watu michanganuo ya kuombea mkopo, na wengi wanaonijia ni wafugaji wa kuku wa nyama. Benki inataka makadirio ya hali tatu: nzuri, ya kawaida na mbaya. Karibu kila mteja huja na jedwali lake tayari, na karibu kila jedwali lina ugonjwa mmoja. Mwezi uliopita mwalimu mstaafu aliniletea lake, na huyo ndiye aliyenifanya nikae chini niandike dhana potofu ninazokutana nazo.

"Hali mbaya ni kuchukua hali ya kawaida na kupunguza asilimia 10"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Mwalimu alipanga kuingiza vifaranga 1,000. Hesabu yake ya hali ya kawaida ilikuwa nzuri kabisa: vifaranga kwa shilingi 1,700 kila kimoja, yaani 1,700,000, chakula mifuko 60 ya kilo 50 kwa 65,000, yaani 3,900,000, chanjo, dawa, mkaa na maranda 500,000, kijana wa bandani 300,000. Jumla 6,400,000. Alikadiria vifo asilimia 5, auze kuku 950 siku ya 35 kwa 7,500, apate 7,125,000. Faida 725,000.

Kwenye safu ya hali mbaya alikuwa amezidisha kila mstari kwa 0.9, mapato na gharama pamoja. Faida ikawa 652,500.

"Mwalimu," nikamwuliza, "mambo yakiharibika, chakula cha kuku kinashuka bei?"

Akacheka. "Hapana, mama. Kinapanda."

"Na kijana wa bandani anapunguziwa mshahara?"

Hapo hakucheka tena.

Asilimia 10 haina sababu ndani yake. Afisa mikopo akiuliza ni kitu gani kilichotokea mpaka mapato yakashuka, jedwali halina jibu. Tofauti kati ya hali moja na nyingine lazima itoke kwenye misingi ya makadirio, yaani yale mambo machache uliyoyachukulia kuwa yatakwenda hivi na si vile. Kwa kuku wa nyama ninayohangaika nayo ni matatu: vifo, bei ya kuuzia, na siku ambazo kuku atakaa bandani.

Hilo la tatu ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloua. Wengi wetu tunauza kuku kwa kichwa, si kwa kilo. Mchuuzi akichelewa wiki moja, kuku anaendelea kula, na katika umri huo anamaliza karibu kilo moja kwa wiki. Uzito anaongeza, lakini mchuuzi hakulipi uzito huo wote. Mbaya zaidi, mchuuzi huchelewa wakati ule ule ambapo mabanda ya jirani nayo yamejaa, kwa hiyo bei imeshuka pia. Bei na kuchelewa ni ndugu wa tumbo moja. Ukigusa kimoja ukakiacha kingine, bado hujaandika hali mbaya.

Tukakaa na mwalimu tukaandika hali yake mbaya, ya Januari, watu wakiwa wamemaliza fedha kwenye sikukuu na ada za shule zinawangoja. Vifo asilimia 12, kwa mfano ugonjwa wa gumboro umepita. Bei 6,500. Kuku wamekaa wiki moja zaidi. Kuku 880 kwa 6,500 ni 5,720,000. Gharama ni zile zile 6,400,000, ongeza mifuko 18 ya wiki ya ziada, yaani 1,170,000, jumla 7,570,000. Hasara ni 1,850,000. (Ukitaka usahihi wa mhasibu utatoa chakula ambacho waliokufa hawakukila. Mimi sikujisumbua, maana hakibadilishi uamuzi.)

Linganisha 652,500 ya faida na 1,850,000 ya hasara. Ni banda lile lile na vifaranga wale wale.

"Hali mbaya ni kila kitu kuharibika kwa pamoja"

Kuna wanaonielewa kupita kiasi. Wanarudi na ugonjwa, bei imeanguka, chakula kimepanda, banda limeungua na kijana ametoroka. Jedwali hilo nalo halisaidii, kwa sababu hakuna biashara inayopona humo na benki inalifunga tu. Weka pamoja mambo yanayovutana, kama bei na kuchelewa, na ongeza balaa moja linalojulikana kwa ufugaji wako. Lililobaki ni la bima na la Mungu.

"Hali ya kawaida iko katikati ya nzuri na mbaya"

Hali nzuri ya mwalimu ni ya Desemba: vifo asilimia 3, kuku 970 kwa 8,000, sawa na 7,760,000. Alitaka kuacha gharama zilivyo, nikamkatalia. Ili uuze tarehe 20 Desemba, kifaranga kiingie bandani karibu tarehe 15 Novemba, na wafugaji wote wanakitafuta wiki hiyo hiyo. Tukaweka kifaranga kwa 2,000, gharama zikafika 6,700,000, faida 1,060,000. Hali nzuri nayo ina masharti yake, na mojawapo ni kuweka oda mapema.

Sasa chukua katikati ya faida ya 1,060,000 na hasara ya 1,850,000. Unapata hasara ya 395,000, wakati hali ya kawaida ni faida ya 725,000. Kuku akienda vizuri anakupa kidogo zaidi; akienda vibaya anachukua kingi. Hali ya kawaida inatoka kwenye daftari la makundi yaliyopita, lako au la jirani anayekubali kukuonyesha, si kwenye kugawa kwa mbili.

"Zinahitajika jedwali tatu"

Hapana, jedwali ni moja. Nimeshaona mtu akirekebisha bei ya chakula kwenye karatasi ya kwanza akasahau nyingine mbili. Kwenye Excel weka misingi yote juu, kila mmoja na safu zake tatu: C nzuri, D kawaida, E mbaya. Kwenye B1 andika 1, 2 au 3, na kwenye safu ya B kila msingi uitwe hivi, kwa mfano ulio mstari wa 4:

```
=CHOOSE($B$1,C4,D4,E4)
```

Hesabu zote za chini zisome jibu la hapo, na pasiwe na namba iliyoandikwa kwa mkono katikati ya fomula. Afisa mikopo akibishia bei yako, unabadilisha kisanduku kimoja mbele yake.

"Haya makadirio ni ya benki"

Rejesho la mwalimu lingekuwa 280,000 kwa mwezi, na kundi moja, pamoja na kusafisha na kupumzisha banda, linakula karibu miezi miwili. Kila kundi linadaiwa 560,000. Hali ya kawaida inalipa na kubakiza 165,000. Hali mbaya inataka apate mahali pengine 2,410,000, na mwalimu alikuwa na 900,000 kwenye akaunti. Akapunguza kiasi cha mkopo kabla benki haijamwambia.

Tukaandika pia dalili pembeni ya kila msingi: siku ya 21 hesabu waliokufa, wakizidi 60 hamia safu ya E, siku ya 28 kama mchuuzi hajaleta malipo ya awali, anza kutafuta wa pili hata kwa bei ya chini, kabla mifuko ya ziada haijaanza kufunguliwa.

Jumamosi alinipigia. Siku ya 21, wamekufa 34. Nikamwuliza kuhusu mchuuzi. "Anasema anakuja," akajibu. Nikamwambia kwenye jedwali hakuna safu ya "anasema".