Mjinga wa bibi na jinga la jirani

Juzi kaja tena kijana kwenye ofisi yangu ya tafsiri hapa mjini Unguja, na maneno yaleyale: "Matusi ni mepesi kufasiri, si yamo kwenye kamusi?" Bibi yake wa Wete alimtumia ujumbe wa sauti: "Mjinga wee, mwezi mzima hujanipigia, au ushanizika?" Mkewe, mgeni, akaangalia kamusi akaona bibi kamwita mumewe mpumbavu. Akalia.

Dhana: kila tusi lina neno lake moja la Kiingereza.

Hii ndiyo inayonichosha. Mjinga kwa asili ni asiyejua. Ndiyo maana tulikuwa na kisomo cha kufuta ujinga, na hakuna aliyeona katukanwa. Wahenga wamesema mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Yaani mjinga anatarajiwa kuerevuka. Mpumbavu hatarajiwi. Huyo akili anayo, kakataa kuitumia, na ukimwita hivyo mtu mzima mbele ya watu umetafuta ugomvi.

Halafu bibi na mjukuu ni watani. Bibi huyohuyo humwita "mume wangu". Ile "wee" kaivuta, sauti imeshuka mwishoni, na nyuma yake kuna malalamiko ya kusahauliwa. Kwa hiyo sikuandika tusi. Niliweka neno la Kiingereza ambalo bibi humkaripia nalo mtoto anayempenda, nikaeleza pembeni kuwa kamkumbuka.

Sasa mtoe huyo bibi, mweke jirani aliyeudhika: "Jinga hili limekuja tena." Neno ni lilelile, lakini m- imeanguka na "amekuja" imekuwa "limekuja". Mtu katolewa kwenye ngeli ya watu, kawekwa pamoja na jiwe na gogo. Tusi lote limo kwenye hiyo "li-", na Kiingereza hakina pa kuiweka. Hapo mfasiri hana budi kutafuta neno kali zaidi, au aeleze kwa sentensi nzima. Akiandika neno alilomwandikia bibi, kadanganya.

Ndiyo maana nasisitiza kila siku: niletee sauti yenyewe, usinakili maneno kwenye karatasi. Na uniambie nani anamwambia nani.

Dhana: "mbaya" ni mtu asiye na sura nzuri.

Mara nyingine ni hivyo, hasa ukisikia "mbaya wa sura". Lakini "mbaya wangu" ni adui yangu, na huenda ni mzuri wa kupigiwa mfano. Nimeona tafsiri ya malalamiko ambamo mwanamke alionekana kumsema mwenzake sura, kumbe alisema wana uhasama.

Dhana: uvivu ni uvivu tu.

"Leo naona uvivu" si kosa la mtu. Mwili haumtumi tu. Mvivu ni tabia. Goigoi ni yule mlegevu hata akitembea, na mtegeaji anazo nguvu ila anawaachia wenzake mzigo. Kwenye barua ya kazini, huyo wa mwisho ndiye anayeweza kufukuzwa, basi usimchanganye na goigoi.