Chupa Ikijaa Hailii: Dhana Potofu Kuhusu Ala za Chekechea

Karibu kila semina ya walimu wa chekechea ninayoendesha hapa Mombasa, iwe Likoni au Kisauni, naletewa chupa za maji zilizojazwa mchele mpaka shingoni. Nikiuliza kwa nini, jibu ni lile lile: "Ili ilie kwa nguvu, mwalimu."

Sivyo. Kinacholia ni ukuta wa chupa unapopigwa na chembe, na chembe haiwezi kupiga kama haina nafasi ya kukimbia. Ukijaza, punje hubanana mahali pamoja, na zile zinazoegemea ukuta huuzuia kutetema. Unachopata ni chupa nzito inayotoa mkwaruzo hafifu na kumchosha mkono mtoto wa miaka minne. Kwa chupa ya nusu lita, vijiko viwili au vitatu vya chakula vinatosha. Kayamba la Wamijikenda lingetufundisha hili zamani: ni bapa, mbegu zake ni chache, nazo huteleza kutoka upande hadi upande. Hajaonekana fundi wa kayamba anayelishindilia mbegu.

Mimi nalishupalia jambo hili kwa sababu somo ni la kusikiliza, na chupa zilizojaa zote hulia karibu sawa. Mtoto atatofautisha nini?

Tengeneza hivi. Chukua chupa sita za nusu lita za aina moja, uzioshe na kuzianika juani mpaka zikauke kabisa ndani. Mbili zitie mchele, mbili mahindi makavu, mbili mchanga, zote kwa kijiko kile kile. Mchele utachakacha kwa mlio mwembamba, mahindi yatagonga punje kwa punje, mchanga utafanya "shhh". Mchanga wa pwani uoshe kwanza kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, uukaushe. Ukiutia na chumvi yake utavuta unyevu wa hewa yetu, ugandamane ukutani, na chupa itakuwa bubu.

Kisha funga leso kati ya viti viwili, ukae nyuma yake. Tikisa chupa moja, nyamaza kidogo, tikisa ya pili, uliza: "Sawa au tofauti?" Leso ni lazima. Bila leso, mtoto atajibu kwa macho, na ukimpa chupa mkononi atajibu kwa uzito. Anza na mchanga dhidi ya mahindi, maana tofauti yake ni kubwa. Mchele dhidi ya mchanga uje baadaye. Darasa zima likikosea jozi moja tu, usiwalaumu watoto. Fungua chupa uangalie: mara nyingi moja ni ya plastiki nyembamba na nyingine nene, au moja imeingia unyevu. Watoto wamesikia vizuri, chupa ndizo hazifanani.

Dhana ya pili: "Hawa hawana mdundo, wanakimbia." Watoto wa umri huu wakiachwa wapige watakavyo, mwendo wao wa asili ni wa haraka kuliko wa mtu mzima. Ukiwapigia polepole, kungoja kati ya pigo na pigo ndiko kunakowashinda. Mwache mtoto mmoja aanze, wewe umfuate yeye, wengine waingie. Wakishapiga kwa pamoja, ndipo upunguze mwendo kidogo kidogo.

Tatu: "Kila mtoto awe na ala yake tangu mwanzo." Chupa thelathini zikitikiswa kwa pamoja, hata wewe hutasikia kitu. Wape watano, wengine wapige makofi au wasikilize, kisha mbadilishane.

Nne: "Mbegu yoyote inafaa." Hapana, na hapa sina mzaha. Zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, zinazookotwa vichakani hapa Pwani, zina sumu kali, hasa zikitafunwa au zikipasuka. Zisiingie darasani hata kama chupa imefungwa. Mchele na mahindi nayo humpalia mtoto, kwa hivyo paka gundi kwenye nyuzi za kifuniko, kaza, zungusha seloteipu juu yake, na ujaribu kukifungua kwa nguvu zako kabla ya kila somo. Ukiona unga mwembamba chini ya chupa, wadudu wameshaingia: mwaga, osha, tia upya. Makopo ya rangi au ya dawa ya wadudu usiyalete kabisa, hata yakioshwa.

Mwisho, chupa za kioo zenye maji. Walimu hubishana kama maji mengi hutoa sauti nene au nyembamba, na wote huwa na haki. Ukiigonga kwa kijiko, maji yakizidi sauti huwa nene, kwa kuwa kioo kimebeba uzito. Ukiipuliza mdomoni, maji yakizidi sauti huwa nyembamba, kwa kuwa hewa iliyobaki ni fupi. Lakini chupa ya kioo ishikwe na mwalimu peke yake.