Ile hela ya mkopo wa korosho haikutoka kwenye akaunti yako

Kila msimu wa minada ukianza, kuanzia Oktoba, swali ni lile lile. Juzi hapa Mtwara mzee mmoja katokea Tandahimba kanikuta nje ya benki kaniambia, "Mwanangu, nyie hela zetu mnawapa matajiri wanunulie korosho zetu wenyewe, afu sisi tukija kutoa mnasema mfumo uko chini." Sikumbishia pale pale maana alikuwa na hasira, ila nikasema hili niliandike, manake hata wasomi wanalirudia.

Wengi mnaamini benki inapokea laki yako, inatenga kidogo, inayobaki inamkopesha mtu. Sio hivyo, jamani. Mkopo ukishapitishwa, yaani fomu zimejazwa, dhamana imekaguliwa na mthamini, kamati imesaini, mkataba umesainiwa na muhuri umegongwa (na bila hivyo vyote haupiti, msije mkanibembeleza), ofisa anaingiza vitu viwili kwa pamoja kwenye kompyuta. Upande mmoja mteja anadaiwa, upande wa pili akaunti yake inaongezeka. Hakuna akaunti ya mtu mwingine iliyopungua hata senti, ni amana mpya imezaliwa pale pale.

Tuchukue namba za kubuni. Benki ina amana za milioni 10,000. Kisheria lazima iweke sehemu ya amana za sekta binafsi kama akiba Benki Kuu, na tangu Juni 2020 kiwango ni asilimia 6, kabla ya hapo ilikuwa 7. Kwa hiyo inatakiwa kuwa na milioni 600, na tuseme yenyewe inazo 700. Anakuja mnunuzi anataka tani 40 za korosho ghafi kwa shilingi 3,000 kilo, sawa na milioni 120. Mkopo ukiingia, amana zinakuwa 10,120 na akiba inayotakiwa inapanda mpaka milioni 607.2. Benki bado ina 700. Mpaka hapo hamna kilichotoka, na sharti la akiba halijauma kitu.

Shida inaanza siku ya kulipa. Kama akaunti ya chama cha ushirika kinachowauzia wakulima korosho iko benki nyingine, milioni 120 zinahamishwa kati ya akaunti za mabenki mawili kule Benki Kuu, na akiba ya benki yetu inashuka mpaka 580. Amana zimerudi 10,000, inatakiwa 600, pungufu 20. Sasa ndio utawaona watu wa kitengo cha hazina cha benki yetu wanakimbia, wanapiga simu benki nyingine kukopa kwa siku moja, ikishindikana wanaenda Benki Kuu yenyewe na dhamana za serikali mkononi. Ukiacha pungufu mpaka kipindi cha hesabu kiishe unatozwa faini, na barua ya maelezo unaandika, na mkaguzi akija anaanza na hiyo barua. Hizi nazifahamu mno, niishie hapo.

Kama chama kinatumia benki hiyo hiyo, hela inabaki ndani, inabadilisha jina tu toka kwa mnunuzi kwenda kwa wakulima. Lakini mkulima wa huku anataka noti, ana wapulizaji dawa na vibarua wa kuokota wanamsubiri. Wakitoa milioni 90, zile noti benki inazifuata Benki Kuu na akaunti yake inakatwa 90 zote: 700 inakuwa 610. Amana zimeshuka mpaka 10,030, akiba inayotakiwa 601.8, nafasi iliyobaki ni milioni 8 na kidogo. Angalia hapo. Mkopo wenyewe uliongeza sharti kwa milioni 7.2 tu, ila noti zimekula 90. Ndo maana nasema ile asilimia 6 peke yake haituambii mikopo iishie wapi, inatuambia kiasi gani tusiguse wakati hela inatoka.

Sasa msinielewe vibaya kwamba benki inajiandikia tu inavyotaka. Kinachobana hasa ni mtaji, yaani hela ya wenye benki ambayo ndiyo inaliwa kwanza mkopo ukiharibika, na tena lazima apatikane mkopaji anayelipika, na hao sio wengi kama mnavyodhani. Akiba nayo inabana kwa gharama, kwa sababu ni lazima itafutwe. Ukiona benki inakupigia simu mwezi wa kumi na moja inakubembeleza uweke fiksidi na riba imenona, ujue ndiyo hiyo inatafutwa.

Mzee aliniuliza tena, "Akirudisha mkopo, hela inarudi kwa nani?" Mnunuzi akishasafirisha mzigo, akalipwa, akaunti yake inakatwa milioni 120 na deni lake linafutwa. Amana zinapungua 120, mkopo unapungua 120. Kwa yeyote hairudi mzee wangu, imefutika. Kinachobaki benki ni riba.