"Natafuta kampuni ya kunisponsa"

Juzi nimesomeshwa tena ujumbe wa kijana wa kwetu anayesoma Marekani. Anamwandikia rikruta, yule mtu anayezitafutia kampuni wafanyakazi, na sentensi ya kwanza inasema: "Mimi ni Mtanzania, natafuta kampuni ya kunisponsa." Wiki mbili zimepita kimya, na yeye anashangaa.

Maana kwanza, kwa haraka. Ruhusa ya kufanya kazi ni ile uliyo nayo wewe kisheria, siku hiyo, ya kuajiriwa nchini humo. Udhamini wa viza ni kampuni kuiomba serikali ikuruhusu, kwa jina la kampuni na saini ya kampuni. Ni mambo mawili, na rikruta huyauliza mawili.

Kinachonikera ni hilo neno "sponsa". Kwetu sponsa ni mtu mwenye pesa. Kuna anayelipa ada ya shule, kuna anayelipia jezi za timu ya mtaa, na kuna yule mzee mwenye gari anayemlipia binti kodi ya nyumba. Wote hao Kiswahili kina jina lao zamani: mfadhili, kutoka fadhila. Anatoa, wewe unashukuru. Lakini sponsa wa viza si mfadhili, ni mdhamini, na mdhamini anatoka kwenye dhamana. Ni kama yule ndugu anayesimama mahakamani akaweka saini ili utoke, naye akabaki na deni la kujibu ukikosekana. Hata asili ya neno lenyewe iko huko huko: kwa Warumi, aliyeulizwa "unaahidi?" alijibu "spondeo", naahidi, na tangu hapo akawa amefungwa na neno lake. Waliofanya kazi Ghuba hawasumbuki na hili, maana kafili kwa Kiarabu ni mdhamini vilevile, na wanajua vizuri kwamba kafili si mtu wa kukugawia pesa.

Sasa mrudie kijana wetu. Yuko kwa viza ya mwanafunzi, F-1, anamaliza shahada ya uzamili ya kompyuta mwezi Mei. Ameshapata kibali cha OPT, yaani cha mwanafunzi kufanya kazi ya fani aliyosomea, kinachoanza Juni 15, na kibali hicho humruhusu kufanya kazi miezi 12. Kwa kuwa somo lake liko kwenye orodha ya sayansi na teknolojia, anaweza kuomba miezi 24 zaidi, mradi kampuni iwe imejiandikisha E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa za wafanyakazi, na ijaze naye fomu I-983, ambayo ni mpango wa mafunzo yake kazini. Jumla miaka mitatu, bila kampuni kumwombea viza hata moja. Udhamini wenyewe, yaani viza ya kazi ya H-1B ambayo kampuni ndiyo huiombea, atauhitaji baadaye: kampuni humwandikisha mwezi Machi, na akichaguliwa na ombi likakubaliwa, huanza Oktoba 1.

Kwa hiyo "natafuta kampuni ya kunisponsa" ilimfanya aonekane mtu asiyeweza kuanza kazi bila wakili. Nilimwambia aandike hivi: "Nina ruhusa ya kufanya kazi Marekani kuanzia Juni 15 kwa OPT, na naweza kuongeza miezi 24. Sihitaji udhamini ili kuanza. Nitahitaji H-1B baadaye." Akataka kuikata ile ya mwisho, asiwatishe. Hapana. Fomu za maombi huuliza utahitaji udhamini "sasa au baadaye", na lile "baadaye" halikuwekwa kwa mapambo. Ukijibu hapana kwa sababu leo huhitaji, umesema uongo kwa maandishi, na kampuni ikigundua inaweza kuifuta ajira yako. Kampuni isiyodhamini kabisa ni afadhali ikukatae kwenye ujumbe wa pili kuliko baada ya usaili wa nne.

Wanaokosea upande wa pili wananiuma zaidi. Ndugu zetu Wakongomani waliopokelewa Marekani kama wakimbizi hukuta swali la udhamini na kujibu "ndiyo", eti kwa sababu si raia. Mkimbizi aliyepokelewa ana ruhusa ya kufanya kazi kwa hadhi yake yenyewe, na mwenye grini kadi vilevile. Una ruhusa? Ndiyo. Utahitaji udhamini? Hapana. Wala hana haja ya kumsimulia rikruta kambi aliyotoka, sentensi moja inatosha: "Nina ruhusa ya kufanya kazi, na sihitaji udhamini sasa wala baadaye." Karatasi zitaonyeshwa akishaajiriwa.

Sponsa wa ada na jezi abaki na jina lake, sina ugomvi naye. Huyu wa viza, jamani, tumwite mdhamini.