Mpangilio wa kupanda: nani aitwe kwanza?

Mpangilio wa kupanda ni utaratibu wa kuamua abiria yupi aingie mwanzo na yupi afuate, ili basi au ndege ijae kwa muda mfupi. Wengi hudhani shida iko mlangoni. Shida iko kwenye ujia, ile njia nyembamba ya katikati ya siti, ambamo mtu mmoja akisimama kupakia begi lake juu, wote walio nyuma yake husimama naye.

Mwezi uliopita nilipanda basi la Lamu pale Malindi. Mizigo mikubwa ilikuwa imeshatiwa kwenye buti, lakini kila mtu alibaki na chake mkononi. Kondakta akaita wa siti za nyuma waingie kwanza. Mama mmoja akafika safu ya 11 na kuanza kusukuma kikapu cha maembe kwenye rafu. Hakikuingia, akakigeuza ubavu, embe moja likaanguka na kubingirika chini ya siti. "Niwieni radhi, wanangu," akasema. Nyuma yake walisimama watu saba, wote wa safu ya 10 na 11, mikoba begani, wakimngoja. Katika basi zima, aliyekuwa akifanya kazi ni mama yule peke yake.

Kwa hiyo kuanza na wa nyuma, jambo ambalo linaonekana la akili, huwarundika watu mahali pamoja. Tuchukue watu wanne, kila mmoja akihitaji sekunde 15 kuweka begi. Wote wakiwa wa safu ya 11, wanapakia mmoja baada ya mwingine, na sekunde 60 zimekwisha. Sasa waingie wanne wa safu ya 11, 9, 7 na 5, kwa mfuatano huohuo. Wa 11 anatangulia, wengine wanamfuata, na kila mmoja anafika kwenye safu yake karibu wakati mmoja. Mikono minane inainuka pamoja. Sekunde 15, kazi imekwisha. Ukiwageuza watu walewale, wa 5 akatangulia na wa 11 akawa wa mwisho, unarudi kwenye sekunde 60, maana kila mmoja anamzibia anayefuata.

Safu moja inarukwa kwa sababu mtu anayeinua begi anahitaji nafasi ya viwiko. Na wa dirishani hutangulia wa upande wa ujia, la sivyo aliyekwisha kaa itabidi ainuke, atoke, ampishe mwenzake, kisha arudi.

Njia hii ilipendekezwa kwa ndege mwaka 2008 na Jason Steffen, mwanafizikia wa anga wa Marekani. Baadaye ilijaribiwa kwa watu 72 ndani ya mfano wa ndege wenye safu 12. Wakiitwa kwa makundi ya safu, walichukua karibu dakika 7. Wakiingia kiholela, dakika 4 na sekunde 44. Kwa njia ya Steffen, dakika 3 na sekunde 36. Hapo ndipo penye funzo kubwa kwangu: kuingia ovyo kulishinda makundi, kwa sababu wanaoingia ovyo hutawanyika wenyewe.

Kwa basi la safu 11 lenye siti 44, mbili kila upande, yangekuwa mawimbi manane: dirisha la kulia safu za witiri, 11 hadi 1, kisha dirisha la kushoto vivyo hivyo, halafu safu za shufwa, kulia na kushoto, kisha siti za ujia kwa mpango uleule. Mawimbi manane ya sekunde 15 ni dakika 2, ukiacha muda wa kutembea. Watu 44 wakipakia mmoja mmoja ni dakika 11.

Steji haikubali utaratibu kamili kiasi hicho. Mama hatengwi na mtoto wake, na mzee hupandishwa kwanza kwa heshima yake. Lakini kondakta anaweza kusema maneno matatu tu: "Wa dirishani kwanza!" Waliosafiri pamoja waingie pamoja, na sehemu kubwa ya faida inabaki.

Kabla ya kuita, tazama mlango uko wapi. Kwenye ndege ya ATR 72 abiria huingilia nyuma, kwa hiyo walio mbali ni wa safu za mbele, na hao ndio wa kutangulia. Na watu wakiwa mikono mitupu, mpangilio hauna mengi ya kuokoa.

Ukitaka kujua kama upandaji unakwenda vizuri, simama mlangoni uhesabu mikono iliyoinuliwa kwenye rafu kwa wakati mmoja. Ukiona jozi moja huku ujia umejaa watu, walioitwa ni wa sehemu moja, au walio karibu na mlango wametangulia.